Karne ya 21 ilianza 2000 au 2001? Ulinganisho wa njia za kuhesabu karne na miongo

Swali la kama karne ya 21 ilianza tarehe 1 Januari 2000 au tarehe 1 Januari 2001 huonekana kuwa ugomvi wa watu wanaopenda kuwasahihisha wenzao, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Hata hivyo, mtu anayeandika historia, anayepanga nyaraka kwa vipindi au anayetunga programu ya kompyuta hawezi kulikwepa, kwa sababu mwaka mzima wa 2000, pamoja na yote yaliyotokea ndani yake, huangukia karne moja au nyingine kutegemea njia aliyoitumia. Njia zinazoshindana ni mbili, na ipo ya tatu ambayo wanaastronomia wanaitumia kimyakimya.

Msimamo wangu ni huu. Karne zinazotajwa kwa nafasi zake, yaani ya kwanza, ya pili hadi ya 21, zihesabiwe kuanzia mwaka unaoishia na 01. Miongo inayotajwa kwa tarakimu, kama vile miaka ya 1990, ihesabiwe kuanzia mwaka unaoishia na 0. Kanuni hizo mbili hazigongani, kwa kuwa kila moja inajibu swali lake. Kinacholeta vurugu ni kuchukua jina la njia moja na kulipachika kwenye mipaka ya njia nyingine.

Hesabu ya nafasi

Njia ya kwanza huuliza jambo moja tu: tangu siku ya kwanza ya mwaka 1, miaka mia moja imekamilika mara ngapi? Asili yake ni jedwali la Pasaka. Mwaka 525, mjini Roma, mtawa aliyeitwa Dionisi Mdogo alikuwa akiandaa tarehe za Pasaka za miaka iliyokuwa mbele. Jedwali alilolirithi lilihesabu miaka tangu Kaisari Diokletiano aanze kutawala, na lilikuwa linaishia kwenye mwaka wa 247 wa zama hizo. Dionisi hakutaka kuendeleza kumbukumbu ya mtawala aliyewatesa Wakristo, kwa hiyo mwaka uliofuata hakuuandika kuwa wa 248 bali wa 532 tangu Bwana kufanyika mwili. Beda Mheshimiwa alipoandika historia ya Kanisa la Waingereza, aliyoikamilisha mwaka 731, aliifuata hesabu hiyo, na kupitia kazi yake ikaenea Ulaya.

Ni muhimu kuona kwamba namba za Dionisi zinataja nafasi ya mwaka katika mfululizo, kama miaka ya utawala wa mfalme inavyohesabiwa. Siku mfalme anapotawazwa, tayari yumo ndani ya mwaka wa kwanza wa utawala wake, na hakuna karani anayengoja miezi 12 ipite ndipo aanze kuandika tarehe. Mtoto mchanga naye ni hivyo hivyo: akiwa na miezi mitatu umri wake kwa miaka ni sufuri, lakini yuko katikati ya mwaka wake wa kwanza wa maisha, na siku anapotimiza miaka kumi ndiyo siku anayouanza mwaka wa 11. Umri hutaja miaka iliyokwisha kupita, ilhali kalenda hutaja mwaka unaoendelea.

Mara nyingi husemwa kwamba mwaka 0 haupo kwa sababu tu Warumi hawakuwa na alama ya sufuri. Maelezo hayo hayatoshi. Katika jedwali lilelile la Dionisi kuna safu inayoonyesha umri wa mwezi mwandamo, na pale ambapo hesabu haikuacha siku yoyote aliandika *nulla*, yaani hakuna. Dhana ya kutokuwapo kitu aliijua na aliiandika. Kwenye safu ya miaka hakuihitaji, kwa sababu katika mfululizo wa nafasi hakuna aliyekaa kabla ya wa kwanza. Hata mtu mwenye sufuri mkononi, akihesabu kwa nafasi, ataanza na moja.

Kutoka hapo mambo hujipanga yenyewe. Karne ya kwanza ni mwaka 1 hadi 100, ya pili ni 101 hadi 200, na tukienda hivyo bila kuruka tunafika karne ya 20 ambayo ni 1901 hadi 2000. Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa imekamilika miaka 1999, na mwaka wa 2000 ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Miaka 2000 ilitimia usiku wa tarehe 31 Desemba 2000. Anayetaka kanuni ya haraka achukue mwaka, aongeze 99, agawanye kwa 100 na kutupa masalio: 2000 jumlisha 99 ni 2099, jibu ni 20, 2001 jumlisha 99 ni 2100, jibu ni 21.

Kuna pingamizi mbili ambazo hutolewa dhidi ya njia hii, na zote mbili hazifiki popote. Ya kwanza ni kwamba Dionisi alikosea mwaka wa kuzaliwa kwa Yesu, kwa kuwa wanahistoria wengi huweka kifo cha Herode kwenye mwaka 4 KK na Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Hilo ni kweli kuhusu tukio, lakini hesabu ya karne haianzii kwenye tukio. Inaanzia kwenye mwaka ulioandikwa 1. Ya pili ni marekebisho ya kalenda ya mwaka 1582, yaliyoondoa siku 10 katika mwezi wa Oktoba. Siku ziliondolewa, lakini hakuna namba ya mwaka iliyorukwa.

Hesabu ya tarakimu

Njia ya pili haijali kilichokamilika. Inatazama jinsi mwaka unavyoandikwa, na kipindi kipya huanza pale tarakimu za mbele zinapobadilika. Kwa macho hayo, kutoka 1999 kwenda 2000 ni badiliko kubwa, kwa kuwa tarakimu zote nne hubadilika kwa pamoja, na kutoka 2000 kwenda 2001 hakuna kinachovutia.

Njia hii si ya watu wasiojua hesabu, kama watetezi wa njia ya kwanza wanavyopenda kudai. Ujerumani ya Kaisari Wilhelm II ilitangaza rasmi kwamba karne ya 20 inaanza tarehe 1 Januari 1900 na ikasherehekea siku hiyo, wakati nchi nyingine zilisubiri mwaka mmoja zaidi. Karne moja baadaye karibu dunia nzima ilifanya kama Wajerumani. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi: kompyuta nyingi zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho, hivyo kutoka 99 kwenda 00 kulikuwa na hatari halisi ya hesabu kuvurugika, na jambo hilo liliifanya tarehe 1 Januari 2000 izungumzwe kwa miaka kadhaa kabla haijafika.

Mahali ambapo njia hizi mbili zilikutana uso kwa uso ni Greenwich, jijini London. Kituo cha kifalme cha uangalizi wa nyota cha huko kilikuwa kimeeleza wazi kwamba milenia mpya inaanza tarehe 1 Januari 2001. Katika eneo hilohilo la Greenwich, serikali ya Uingereza ilijenga kuba kubwa la maonyesho ya milenia, ambalo lilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Januari 2000 na maonyesho yake yakafungwa tarehe 31 Desemba 2000. Kwa hesabu ya nafasi, maonyesho ya kuikaribisha milenia ya tatu yalifanyika yote ndani ya milenia ya pili na yakafungwa saa chache kabla ya mgeni kufika.

Wala si kalenda ya Gregori peke yake iliyo na mvutano huu. Kalenda ya Hijria nayo ilianza na mwaka 1, kwa hiyo karne yake ya 15 ilianza na mwaka 1401, uliofika Novemba 1980. Lakini tarehe 1 Muharram 1400, iliyoangukia Novemba 1979, wengi waliiona kuwa ndiyo mlango wa karne mpya. Ethiopia, ambayo kalenda yake iko nyuma ya ile ya Gregori kwa miaka saba au minane, ilisherehekea milenia yake mwaka 2000 wa kalenda hiyo ulipoingia, tarehe 12 Septemba 2007. Namba yenye sufuri nyingi huvutia popote ilipo.

Nguvu ya njia ya tarakimu ni wepesi wake, kwani hakuna anayehitaji kalamu kujua kwamba 1965 ni miongoni mwa miaka inayoanza na 19. Udhaifu wake huonekana ukiirudisha mpaka mwanzo. Kama karne ya 21 ni 2000 hadi 2099 na ya 20 ni 1900 hadi 1999, basi karne ya kwanza ni mwaka 0 hadi 99, na mwaka 0 haumo kwenye kalenda. Anayeshikilia njia hii akitumia majina ya nafasi hana budi kukubali moja kati ya mawili: ama karne ya kwanza ilikuwa na miaka 99, ama inajumuisha mwaka mmoja wa kabla ya Kristo.

Kuna mtego mwingine usio wa kihesabu. Mwandishi akisema "miaka ya 1900", wengine wataelewa 1900 hadi 1999 na wengine 1900 hadi 1909. "Miaka ya 2000" ina shida hiyohiyo, na itazidi kadiri karne inavyosonga. Hapo afadhali kuandika mipaka yenyewe kwa namba.

Hesabu ya wanaastronomia

Njia ya tatu inaondoa udhaifu huo kwa kuuweka mwaka 0. Jacques Cassini, mwanaastronomia wa Ufaransa, aliuingiza katika majedwali yake ya mwaka 1740. Katika mfumo huo mwaka 1 KK huitwa 0, mwaka 2 KK huitwa −1, na kila mwaka wa KK hupungua kwa moja kabla ya kuwekewa alama ya kutoa. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, nacho kinautambua mwaka 0000.

Faida yake huonekana pale tunapovuka mpaka wa KK na BK. Tumchukue Kaisari Augusto, aliyezaliwa tarehe 23 Septemba mwaka 63 KK na kufariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK. Anayejumlisha 63 na 14 anapata 77, anatoa moja kwa sababu siku ya kuzaliwa ya mwaka huo ilikuwa haijafika, na anatangaza kwamba alikufa akiwa na miaka 76. Amekosea. Kwa mfumo wa Cassini mwaka wa kuzaliwa ni −62. Kutoka −62 hadi 14 ni 76, ukitoa moja kwa sababu ileile unapata 75. Augusto alikufa zikiwa zimebaki siku 35 atimize miaka 76.

Kosa hilohilo hutokea kwenye kumbukumbu za miaka elfu mbili. Ukijumlisha 63 na 1937 unapata 2000 kamili, na unadhani miaka elfu mbili ya Augusto ilitimia mwaka 1937. Hesabu sahihi ni −62 jumlisha 2000, ambayo ni 1938. Italia ya wakati huo ilifungua maonyesho makubwa ya Augusto tarehe 23 Septemba 1937 na kuyafunga mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo sherehe zilianza siku mwaka wa 2000 ulipoanza na zikaisha ulipotimia. Ni utaratibu mzuri, na nashangaa kwamba haukuigwa mwaka 2000.

Hata hivyo, njia ya Cassini isitumike nje ya mahali pake. Vitabu vya historia havina mwaka 0, na msomaji akikutana na "−62" bila maelezo atadhani ni 62 KK na atakuwa amekosea mwaka mmoja bila dalili yoyote ya kumshtua.

Ukiziweka pamoja

Jedwali hili linaonyesha miaka ya mipakani peke yake, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha njia hizi. Mwaka kama 1955 huwekwa kwenye karne ileile na kila mtu.

| Mwaka | Karne kwa nafasi | Mia kwa tarakimu | Muongo kwa nafasi | Muongo kwa tarakimu |
|---|---|---|---|---|
| 1900 | ya 19 | 1900–1999 | 1891–1900 | 1900–1909 |
| 1901 | ya 20 | 1900–1999 | 1901–1910 | 1900–1909 |
| 1999 | ya 20 | 1900–1999 | 1991–2000 | 1990–1999 |
| 2000 | ya 20 | 2000–2099 | 1991–2000 | 2000–2009 |
| 2001 | ya 21 | 2000–2099 | 2001–2010 | 2000–2009 |

Kwa nini miongo iende kinyume

Msomaji makini atauliza kwa nini nakubali tarakimu kwenye miongo baada ya kuikataa kwenye karne. Jibu liko kwenye jinsi tunavyovitaja vipindi hivi. Karne huitwa kwa nafasi: karne ya 18, karne ya 20. Miongo haiitwi hivyo. Ukihesabu kwa nafasi tangu mwaka 1, kipindi cha 1991 hadi 2000 ni muongo wa 200, lakini hakuna anayekiita kwa jina hilo. Tunasema miaka ya 90, na katika miaka ya 90 mwaka 1990 lazima uwemo na mwaka 2000 lazima uwe nje, kwa kuwa wa kwanza una 9 kwenye nafasi ya makumi na wa pili hauna. Kudai kwamba miaka ya 90 ilianza 1991 ni kuchukua kanuni ya nafasi na kuilazimisha juu ya jina la tarakimu.

Hali hugeuka mara tu muongo unapotajwa kwa nafasi yake ndani ya karne. "Muongo wa kwanza wa karne ya 21" ni 2001 hadi 2010, kwa sababu muongo wa kwanza wa karne hauwezi kuanza kabla ya karne yenyewe. Mwaka 2010, kwa hiyo, umo ndani ya muongo wa kwanza wa karne ya 21 na wakati huohuo umo ndani ya miaka ya 2010 inayoishia 2019. Hakuna mkanganyiko hapo, mradi mwandishi asihame kutoka jina moja kwenda lingine katikati ya aya.

Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL umechagua mchanganyiko huuhuu: karne kwa nafasi, miongo kwa tarakimu. Ukiuuliza kuhusu tarehe moja ya mwaka 2000 unajibu hivi:

```sql
SELECT extract(century FROM timestamp '2000-06-15');   -- 20
SELECT extract(decade FROM timestamp '2000-06-15');    -- 200
SELECT date_trunc('century', timestamp '2000-06-15');  -- 1901-01-01 00:00:00
SELECT date_trunc('decade', timestamp '2000-06-15');   -- 2000-01-01 00:00:00
```

Jibu la pili, 200, si muongo wa 200 kwa nafasi. Ni mwaka uliogawanywa kwa 10 na masalio kutupwa, yaani miaka yote inayoanza na 200.

Hatari hujitokeza pale mfumo huu unapokutana na mwingine. Amri ya `date +%C` kwenye Linux hutoa mwaka uliogawanywa kwa 100, bila kujali nafasi. Kwa mwaka 2000 inatoa 20, na PostgreSQL nayo inatoa 20, hivyo anayejaribu programu yake kwa mwaka huo mmoja ataona kila kitu kiko sawa. Kwa kweli namba hizo mbili hazina maana moja: 20 ya PostgreSQL ni 1901 hadi 2000, na 20 ya `%C` ni 2000 hadi 2099. Zinakutana kwenye mwaka 2000 tu. Kwa mwaka 1999 ya kwanza inatoa 20 na ya pili 19. Kwa mwaka 2001 ya kwanza inatoa 21 na ya pili 20. Jaribio la maana, basi, litumie miaka mitatu: 1999, 2000 na 2001.

Uchague ipi

Kwa maandishi ya historia, vitabu vya masomo na popote linapotumika neno karne pamoja na namba ya nafasi, chagua hesabu ya nafasi. Gharama yake ni kumsahihisha mtu mara mojamoja kuhusu mwaka 2000, na faida yake ni kwamba karne zote zinabaki na miaka 100 mpaka mwanzo kabisa.

Kwa takwimu, mitindo, muziki, na mazungumzo yanayohusu mabadiliko ya jamii, chagua tarakimu na uandike mipaka: 1990–1999, 2000–2009. Usiliite kundi hilo kwa namba ya nafasi. Kwa muda unaovuka kutoka KK kwenda BK, fanya hesabu kwa mfumo wenye sufuri na uandike jibu kwa mfumo wa vitabu.

Ukisoma ya wengine, njia waliyoitumia hujulikana kwa mwaka wa mpakani. Tafuta walipouweka mwaka 1900 au 2000. Kama matukio ya 1900 yamo kwenye sura ya karne ya 19, mwandishi anahesabu kwa nafasi. Kama yamo kwenye karne ya 20, anatazama tarakimu, na usichukue jumla zake ukazilinganisha na za mwenzake bila kusogeza mwaka huo mmoja.

Nyaraka rasmi nazo zikaguliwe, kwa kuwa hazifuati mkondo mmoja. Umoja wa Mataifa ulitenga 1990 hadi 1999 kuwa muongo wa kupunguza madhara ya majanga ya asili, kipindi cha tarakimu, kisha ukatenga 2011 hadi 2020 kuwa muongo wa hatua za usalama barabarani, kipindi kinachoanza na 1. Yote miwili ina miaka kumi: toa mwaka wa mwanzo kwenye wa mwisho, kisha ongeza moja, kwa sababu miaka yote miwili ya pembeni imehesabiwa. Muongo wa lugha za watu wa asili umeandikwa 2022 hadi 2032, na kwa hesabu hiyohiyo unapata miaka 11.